Mboni Kupanuliwa kwa Mwenye Presha ya Macho: Onyo la Kwenye Karatasi Linamhusu Nani?

*Shikamoo, Daktari. Baba yangu ana miaka 64, ni fundi cherehani hapa Tanga. Tangu mwaka jana anatibiwa presha ya macho kwa matone mawili, latanoprosti usiku na timololi asubuhi na jioni. Wiki iliyopita kliniki walimtia matone ya kupanua mboni, akashinda haoni vizuri mpaka jioni. Nikasoma karatasi ya dawa ile: imeandikwa isitumiwe na mwenye glaukoma! Jirani yetu anatumia pilokapini, inayobana mboni, na anasema ndiyo dawa yenyewe, baba aanze nayo. Je, walimdhuru? Na mbona dawa zake za kila siku hazigusi mboni kabisa?*

Marahaba. Nianze na lile linalokukosesha usingizi. Kwa jinsi ulivyoeleza, baba yako ana glaukoma ya pembe iliyo wazi, na kama ndivyo, matone yale hayakumdhuru. Bila kuipanua mboni, daktari angeichungulia neva ya nyuma ya jicho kama mtu anayetazama chumba kizima kupitia tundu la ufunguo. Onyo ulilolisoma ni la kweli, lakini limeandikwa kwa ajili ya mgonjwa wa aina nyingine, na karatasi yenyewe mara nyingi haisemi ni yupi. Ili umtambue huyo mwingine, itabidi tufuate njia ya maji ndani ya jicho.

Kati ya konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, na lenzi iliyo nyuma yake, mna maji maangavu ambayo si machozi. Yanatengenezwa na tishu iitwayo mwili wa siliari, iliyojificha nyuma ya irisi, lile duara lenye rangi linaloizunguka mboni. Kiasi chake ni kidogo mno: takriban mikrolita 2.5 kwa dakika, hata ukiyakusanya ya usiku na mchana hayajazi kijiko cha chai. Maji hayo hupita katikati ya irisi na lenzi, hutokeza kwenye tundu la mboni, huingia chumba cha mbele, kisha hutafuta pa kutokea. Mlango mkuu uko pembeni kabisa, kwenye pembe ambapo irisi hukutana na konea. Hapo pana wavu laini mfano wa chujio la chai, na nyuma ya wavu mfereji unaoyarudisha kwenye damu. Upo na mlango wa uani: sehemu ya maji hujipenyeza katikati ya nyuzi za msuli wa siliari na kuishia kwenye kuta za jicho. Shinikizo la jicho, ambalo kwa watu wengi huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, hutegemea kiasi kinachotengenezwa na wepesi wa kutoka.

Kwenye glaukoma ya pembe iliyo wazi, ambayo ndiyo tunayoiona zaidi kwetu Afrika, maji huufikia wavu bila kuzuiwa na kitu, ila wavu wenyewe umekuwa mzito kupitisha, kama sinki ambalo chujio lake limeziba pole pole kwa miaka. Kwenye glaukoma ya pembe iliyofungika, wavu unaweza kuwa mzima, lakini irisi imesukumwa mbele ikaulalia, kama kitambaa kilichoelea hadi kikafunika tundu la sinki. Maradhi haya mawili yana jina moja, na ndiyo sababu ya hofu yako.

Sasa tuzitazame dawa za baba. Latanoprosti, iliyo katika kundi la prostaglandini, hushughulika na mlango wa uani. Hupunguza taratibu ile tishu inayozishikilia pamoja nyuzi za msuli wa siliari, hivyo nafasi kati ya nyuzi huongezeka na maji hupita kwa wepesi zaidi. Kwa kuwa ni kazi ya kuibadilisha tishu yenyewe, nguvu yake kamili hungoja wiki kadhaa, na tone moja kwa usiku hutosha. Anayeongeza la pili kwa kudhani atapona haraka huweza kuipunguzia dawa nguvu. Ikifanya kazi vizuri, hushusha shinikizo kwa kati ya robo na theluthi, kwa hiyo jicho lililoanza na 28 linaweza kufika 20 au 19. Kope zake zikirefuka na macho yakawa mekundu kidogo, msishtuke.

Timololi, iliyo katika kundi la vizuia beta, haina habari na mlango wowote. Yenyewe huenda kwenye bomba na kulipunguza, maana huuzuia mwili wa siliari kupokea ishara za kutengeneza maji. Hushusha shinikizo kwa takriban robo. Mtu anapolala, jicho lenyewe hupunguza kutengeneza maji karibu kwa nusu, basi usiku timololi haina mengi ya kupunguza. Kwa hiyo tone la asubuhi ndilo lenye faida kubwa, na hilo ndilo baba asilisahau akiwahi kazini.

Hapa niseme jambo la usalama, kwa kuwa ndilo ningelihofia kwa baba kuliko mboni iliyopanuka. Tone likishaingia jichoni, sehemu yake kubwa huteremka kwenye kitundu kidogo kilicho kona ya ndani ya ukope, hufika puani, na huko hunyonywa moja kwa moja kwenye damu bila kupita kwanza kwenye ini, ambalo lingelipunguza makali. Timololi iliyofika kwenye damu huweza kubana kifua cha mwenye pumu na kupunguza mapigo ya moyo. Kama baba ana pumu, au ameanza kukohoa na kuhema tangu aanze dawa hii, au husikia kizunguzungu anaposimama, mwambieni daktari wake siku hiyo hiyo. Kwa kila tone, afumbe macho bila kuyakaza, aibonyeze kona ya ndani ya jicho karibu na pua kwa kidole kwa dakika mbili hadi tatu. Pakiwa na dawa mbili za wakati mmoja, apishe dakika tano kati yake, kwani jicho halina nafasi hata ya tone moja zima, na la pili likifuata papo hapo hulikumba la kwanza likamwagika nalo shavuni.

Siku moja huenda akaongezewa dorzolamidi au brimonidini. Ya kwanza huzuia kimeng'enya ambacho mwili wa siliari hukihitaji kutengeneza maji, na wagonjwa huilalamikia kwa uchungu unaobaki mdomoni. Ya pili hupunguza bomba na pia huufungua kidogo mlango wa uani. Baada ya miezi baadhi ya watu hupata mwasho na wekundu, na haifai kabisa kwa watoto wachanga.

Umeuliza mbona dawa hizi haziigusi mboni. Irisi ina misuli miwili. Mmoja unaizunguka mboni kama uzi wa mfuko wa kukaza: ukivutwa, tundu husinyaa. Wa pili umepangwa kama spoku za baiskeli kutoka mboni kwenda ukingoni: ukijikunja, tundu hufunguka. Wa kukaza huamriwa na kemikali ya asetilikolini, na wa kufungua huamriwa na noradrenalini kupitia vipokezi viitwavyo alfa. Timololi huvifunga vipokezi vya beta, ambavyo vimejaa kwenye mwili wa siliari lakini havina sauti kwenye spoku zile. Latanoprosti na dorzolamidi hazizungumzi na msuli wowote kati ya hiyo miwili. Brimonidini pekee huibana mboni kidogo gizani, na mgonjwa huenda asilitambue hilo.

Pilokapini huigiza asetilikolini, kwa hiyo huukaza ule uzi wa mfuko na mboni hubaki kama kichwa cha pini. Watu wengi, na hata baadhi ya watu wa afya, hudhani kubanwa huko kwa mboni ndiko kunakoshusha presha. Kwenye glaukoma ya baba yako, sivyo. Dawa hiyo hiyo huukaza pia msuli wa siliari, ambao umefungwa kwenye ukuta wa jicho jirani kabisa na wavu. Msuli ukijikunja, huuvuta wavu ukatanuka, na vitundu vyake vikafunguka. Shinikizo hushuka kwa mvuto huo, na mboni kusinyaa ni jambo linaloandamana tu. Kwenye pembe iliyofungika mambo hugeuka: hapo kusinyaa kwa mboni kuna kazi, kwa sababu huikokota irisi kuelekea katikati na kuiondoa juu ya wavu.

Ni dawa ya zamani yenye heshima, iliyoanza kutumika kwa glaukoma miaka ya 1870, na simlaumu jirani yenu kuipenda. Pengine ana sababu hata asiyoisema: mboni ndogo hunoa picha ya karibu, kiasi kwamba mtu wa makamo huweza kutunga uzi kwenye sindano bila miwani. Nchini Marekani, mwaka 2021, pilokapini nyepesi iliidhinishwa kwa kazi hiyo hasa. Lakini kwa fundi cherehani mwenye glaukoma gharama yake ni kubwa. Mwanga unaoingia jichoni hupungua sana, hivyo jioni duka huwa giza kwake kabla ya wengine, na kama ana mtoto wa jicho katikati ya lenzi, ataona ukungu mtupu. Msuli wa siliari uliokazwa huleta maumivu ya paji la uso na kufifisha vitu vya mbali. Hutiwa mara nne kwa siku, na ni nadra mtu kudumu na ratiba hiyo. Kwa jicho lenye retina dhaifu, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, mvuto ule huweza hata kuichana. Zaidi ya hayo, msuli uliojikunja hubana zile nafasi ambazo latanoprosti inajitahidi kuzipanua. Kwa vitendo shinikizo bado huweza kushuka kidogo zaidi dawa hizo zikitumika pamoja, ila faida ni ndogo kuliko usumbufu. Baba asitie tone la jirani.

Dawa za kupanua hufanya kinyume. Tropikamidi, ambayo huenda ndiyo aliyotiwa, huizuia asetilikolini, basi uzi wa mfuko hulegea, na msuli wa siliari hulegea pamoja nao. Ndiyo maana baba alishindwa kusoma vya karibu. Fenilefrini huamuru spoku zivute, lakini haigusi uwezo wa kusoma. Kwa mwenye shinikizo la damu tunatumia ya asilimia 2.5 na kuikwepa ya asilimia 10. Kwa kawaida mboni hupanuka ndani ya dakika 20 hadi 40 na kurudi baada ya saa kadhaa, lakini macho yetu meusi yana rangi nyingi inayoishika dawa na kuiachia polepole, hivyo huchelewa kufunguka na huchelewa kurudi. Baba kuona ukungu hadi jioni ni jambo la kawaida kabisa. Atropini ni nyingine: tone moja huweza kukaa zaidi ya wiki.

Je, tropikamidi haipandishi shinikizo hata kwenye pembe iliyo wazi? Huweza, kidogo. Msuli wa siliari ukilegea, wavu hupoteza ule mvuto, na kwa baadhi ya watu shinikizo hupanda kwa milimita chache kwa muda wa saa kadhaa kisha hurudi. Kwa mgonjwa ambaye neva yake imebaki kidogo sana, mimi humpima tena kabla hajaondoka. Kwa wengine sioni haja.

Sasa mgonjwa yule mwingine. Miaka michache iliyopita niliitwa usiku kumwona mama wa miaka 58. Asubuhi alikuwa amekwenda kwenye zoezi la kupima mtoto wa jicho, akatiwa tropikamidi, na hakuna aliyeiangalia pembe. Tangu ujana alivaa miwani ya plasi 3.5, na jicho linalohitaji miwani hiyo kwa kawaida ni fupi, vyumba vyake vimebanana. Mchana kutwa hakusikia chochote. Karibu na magharibi alianza kuona taa zimezungukwa na duara za rangi za upinde wa mvua, kisha jicho la kulia na paji la upande huo vikamuuma, kisha akatapika mfululizo, hata nyumbani wakadhani ni malaria. Nilipomfikia, jicho lilikuwa jekundu, konea ina ukungu kama kioo kilichopuliziwa pumzi, na mboni, badala ya kuwa duara, ilikuwa na umbo la yai, imesimama katikati kati ya kubanwa na kupanuka, wala haikutikisika nilipoimulika. Nililigusa jicho juu ya ukope: gumu kama gololi. Shinikizo lilikuwa 56, na jicho la kushoto 18.

Zingatia saa. Hakuumwa mboni ilipokuwa imefunguka kabisa, bali dawa ilipokuwa ikiisha. Mboni ikiwa nusu wazi, irisi hugandamana na lenzi kwa nguvu zaidi, na papo hapo imelegea. Maji yaliyo nyuma yake hukosa pa kupita, huisukuma irisi iliyolegea ikatuna mbele kama tanga lililojaa upepo, nayo huulalia wavu pande zote. Ndiyo maana mtu aliyepanuliwa mboni haambiwi tu asubiri pale kliniki nusu saa. Huambiwa dalili za kuziangalia jioni.

Baada ya kuhakikisha hana pumu, nilimpa asetazolamidi miligramu 500 kwa sindano ya mshipa, maana asingeweza kuimeza, nikatia timololi na brimonidini. Pilokapini sikuitia kwanza, ingawa ndiyo iliyokuja kulifungua jicho. Shinikizo likizidi 40 hivi, damu haiufikii vizuri msuli wa kukaza mboni, na msuli uliokosa damu hausikii amri. Baada ya saa moja hivi shinikizo lilifika 37, nikatia tone la pilokapini ya asilimia 2, nikarudia, na mboni ikaanza kusinyaa. Alfajiri lilikuwa 19. Baadaye alitobolewa kwa leza kitundu kidogo kwenye irisi ya kila jicho, kwa sababu jicho la pili lilikuwa na umbo lile lile na lingefuata. Kitundu hicho huyapa maji njia ya mkato hata irisi ikigandamana na lenzi. Miezi kadhaa baadaye nilizipanua mboni zake kwa tropikamidi ile ile, nikampima kabla na baada: 15, kisha 16.

Mama huyo, kabla ya leza, ndiye aliyeandikiwa lile onyo. Wengi wa aina yake hawajui kwamba wako hatarini, kwa kuwa hawajawahi kuambiwa wana glaukoma, wakati baba yako, anayejulikana, kwa kawaida pembe yake imeshakaguliwa. Onyo hilo hilo utalikuta kwenye karatasi za hayosini ya tumbo na za baadhi ya vidonge vya mafua, kwa sababu ile ile. Na isije ikaonekana kwamba kupanua ni hatari na kubana ni salama daima: ipo glaukoma adimu, hasa baada ya upasuaji, ambapo maji hupotea njia yakaenda nyuma ya jicho na kuisukuma lenzi mbele. Hiyo hutibiwa kwa atropini, na pilokapini huizidisha.

Kwa hiyo jambo la kuuliza kliniki ni hili: je, pembe ya baba ilitazamwa kwa gonioskopi, na iko wazi pande zote? Ni lenzi ndogo yenye vioo, inayowekwa juu ya jicho lililotiwa ganzi, katika chumba chenye giza na kwa mwanga mwembamba, kwa sababu mwanga mkali ukiingia kwenye mboni huibana na kuifanya pembe ionekane pana kuliko ilivyo. Isiyo na lenzi hiyo, kliniki huweza kumulika tochi kutoka upande wa sikio, sambamba na uso. Irisi iliyo bapa hung'aa yote, lakini iliyotuna hutupa kivuli upande wa puani. Kipimo hiki cha tochi huashiria tu, na pembe nyembamba huweza kukipita.

Wakijibu kwamba iko wazi, akubali kupanuliwa kila watakapotaka kuitazama neva. Siku hiyo atie timololi ya asubuhi kama kawaida, kwani shinikizo linalopimwa kabla ya kupanuliwa ndilo linaloonyesha kama dawa inafanya kazi. Avae kofia yenye ukingo, asiende na pikipiki yake, na cherehani aiache hadi kesho yake. Usiku latanoprosti iendelee saa ile ile. Mkiona jicho jekundu linalouma pamoja na kutapika, au duara za rangi kwenye taa, msingoje asubuhi.